Zamu ya Usiku: Jinsi ya Kuhesabu Saa za Askari Bila Kumpunja

Katika mitaa ya Eastlands kama Buruburu, Umoja na Donholm, wakazi wanaotumia geti moja huchanga pesa za kumlipa askari wa usiku. Pale askari anapolipwa kwa saa, mhazini hunakili daftari la geti kwenye Excel, na hapo ndipo malipo yanaweza kupotea.

Chukulia askari aliyeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Excel haifuati saa za Kiswahili. Kwa hivyo andika 18:00 kwenye seli B2 na 6:00 kwenye C2.

Wengi hutoa moja kwa moja, C2-B2, kisha seli hujaa alama #####. Sababu ni kwamba Excel huhesabu siku nzima kuwa 1. Saa 18:00 ni 0.75 na saa 6:00 ni 0.25, hivyo jibu ni hasi 0.5, na Excel haionyeshi muda ulio hasi. Fomula ifuatayo, inayoandikwa kwenye D2, huongeza siku moja pale saa ya kutoka inapokuwa ndogo kuliko ya kuingia:

```
=MOD(C2-B2,1)
```

Jibu ni 0.5, yaani nusu siku, ambayo ni saa 12. Vuta fomula hiyo hadi D7 ili ipate usiku sita.

Sasa chukulia kwamba usiku mmoja askari alifika 18:30, hivyo alifanya saa 11 na dakika 30. Jumla huandikwa kwenye D8:

```
=SUM(D2:D7)
```

Ikiwa seli ina mtindo wa h:mm, itaonyesha 23:30. Saa 48 zimefichwa, kwa kuwa mtindo huo huanza upya kila siku inapotimia. Chagua D2 hadi D8, bonyeza Ctrl+1, fungua Custom, kisha andika kwenye Type:

```
[h]:mm
```

Jumla sahihi itatokea: 71:30.

Bado kuna mtego wa mwisho. Kwa malipo ya shilingi 100 kwa saa, D8*100 hutoa takriban shilingi 298, kwa sababu Excel inazidisha siku, si saa. Geuza siku kuwa saa kwanza, na seli ya jibu iwe na mtindo wa Number:

```
=D8*24*100
```

Askari atapata shilingi 7,150.

Fomula ya MOD inafaa kwa zamu isiyofika saa 24. Askari akikesha na kuunganisha siku ya pili, andika tarehe pamoja na saa katika B na C, kisha utoe C2-B2 bila MOD. Kabla ya kulipa, gawanya jumla ya saa kwa idadi ya usiku. Hapa, 71:30 kwa usiku sita inakaribia saa 12. Ikitokea saa nne, ni mtindo wa seli uliokosewa, si askari aliyetoroka kazi.