Kulipa Vibarua wa Mjengo Kila Jumamosi Bila Kukosea Ovataimu

Wateja wetu wa Diani na Msambweni wanaosimamia mijengo hutuuliza swali moja mara kwa mara: mbona Jumamosi jioni, pesa zikishatumwa, vibarua bado wamesimama getini wakilalamika? Mara nyingi shida haiko kwenye simu. Iko kwenye hesabu ya ile siku moja watu walipochelewa kutoka.

Siku hiyo kwa kawaida ni ya kumwaga slabu. Zege likianza kumwagwa haliachwi katikati, kwa sababu ukimwaga upande mmoja leo na mwingine kesho, pale panapoungana patakuwa dhaifu na maji yatapata njia. Kwa hivyo watu wanabaki hadi kazi iishe, hata kama giza limeingia.

Tuchukue mfano wa mjengo mmoja Ukunda wenye vibarua 12. Kila kibarua analipwa shilingi 800 kwa siku. Kazi inaanza saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja ya chakula haihesabiwi, kwa hivyo siku ni saa nane. Gawanya 800 kwa 8 upate shilingi 100 kwa saa. Kwa kanuni za mishahara za Kenya, ovataimu ya siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, yaani 150 kwa saa. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili, yaani 200.

Alhamisi slabu ikaisha saa mbili usiku. Hizo ni saa tatu za ovataimu, kwa hivyo kila mtu anadai 450. Msimamizi akaandika tu "nusu siku", yaani 400. Hapo ndipo kelele zinaanzia. Hamsini inaonekana ndogo, lakini kwa watu 12 ni 600, na kila mmoja wao ameshapiga hesabu yake akiwa amebeba karai. Ushauri wetu: kwenye daftari usiandike kamwe "nusu siku" kwa kazi ya jioni. Andika saa aliyotoka, na umuonyeshe kabla hajaondoka.

Ijumaa pia iangaliwe. Kwenye mijengo mingi ya huku watu huenda msikitini mchana na mapumziko yanakuwa marefu. Akipumzika nusu saa zaidi kisha akatoka saa kumi na moja na nusu, amefanya saa zile zile nane. Hiyo si ovataimu, lakini mkubaliane Jumatatu, sio Ijumaa jioni.

Sasa tumlipe kibarua mmoja. Alikuja Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, Jumatano hakuja, na Jumamosi alifanya nusu siku, saa mbili hadi saa sita. Siku nne ni 3,200, Jumamosi 400, ovataimu 450, jumla 4,050. Jumanne alichukua advansi ya 500, kwa hivyo unamtumia 3,550. Advansi iandikwe siku ile ile na yeye aweke sahihi, maana ifikapo Jumamosi hakuna anayeikumbuka vizuri!

Kabla ya kutuma, soma jina linalotokea kwenye skrini. Wengine hutumia laini ya mke au ya binamu. Hakuna ubaya, mradi jina hilo liwe kwenye daftari lako tangu siku ya kwanza. Amueni pia nani anabeba ada ya kutoa kwa wakala. Ukiahidi kuibeba, iongeze kwenye jumla lakini uiandike peke yake, isije ikachanganywa na mshahara.

Kuna malalamiko mengine ambayo si kosa lako. Kibarua anasema "nimepata pungufu" wakati ujumbe wako unaonyesha umetuma yote. Muombe aangalie kama alikuwa na deni la Fuliza. Pesa ikiingia, deni hukatwa lenyewe, na ujumbe wa makato huja kando na ule wa kupokea. Someni zote mbili pamoja, yaishe.

Jambo moja la sheria linawapata wengi ghafla. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kama mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifanya kazi mfululizo hadi siku zifike mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinamhesabu kama mwajiriwa wa mkataba, na hapo huwezi kumwambia tu "kesho usije". Mjengo wa miezi sita utafika huko. Kwa hivyo hifadhi daftari la kila wiki pamoja na taarifa ya miamala yako, na kila Jumamosi linganisha jumla hizo mbili kabla ya kufunga geti.