Nikeli Ngara, bati Kyerwa: zamu za magma inapopoa

*Mjiolojia anajibu maswali ya wasomaji wetu wa Izigo, Muleba.*

Mkoa wetu wa Kagera una nikeli Kabanga, wilayani Ngara, na bati Kyerwa. Kwa nini madini haya hayakai kwenye mwamba mmoja?

Magma haigandi yote kwa mkupuo. Ile nyeusi ya aina ya basalti huanza ikiwa na joto la nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi. Ikipoa taratibu chini ya ardhi, mara nyingi olivini ndiyo hutangulia: madini ya kijani yenye magnesi na chuma tele. Hufuata piroksini, halafu amfiboli, kisha mika nyeusi. Feldispa nazo zina zamu zao, zenye kalsiamu mwanzo na zenye sodiamu baadaye. Joto likikaribia nyuzi 700, hubaki feldispa ya potasiamu, mika nyeupe na kwatzi.

Utaratibu huu uliwekwa wazi na Norman Bowen, aliyefanya kazi katika maabara moja ya Washington. Aliyeyusha unga wa madini, akaushikilia kwenye joto maalumu, kisha akaupoza ghafla ili aone ni fuwele zipi zilikuwa zimeshaota. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1928.

Kama magma ni moja, miamba mingi inatoka wapi?

Inatoka pale fuwele zinapoachana na ujiuji uliozizaa. Olivini ikibaki ndani ya magma, huendelea kumenyuka nayo na sehemu kubwa hugeuka piroksini. Mwishowe unapata mwamba mmoja tu. Lakini olivini ni nzito kuliko magma. Ikizama na kulala chini, haimenyuki tena na magma iliyo juu, na magma hiyo inakuwa na sura nyingine.

Tufanye hesabu. Chukua kilo 100 za magma yenye silika asilimia 50 na oksidi ya magnesi asilimia 10. Zizame kilo 10 za olivini, ambayo ina silika asilimia 40 na oksidi ya magnesi asilimia 45. Zimeondoka kilo 4 za silika na kilo 4.5 za oksidi ya magnesi. Katika kilo 90 zilizobaki, silika imepanda hadi asilimia 51, lakini oksidi ya magnesi imeanguka hadi 6. Chini umepata mwamba mzito wa kijani, juu magma inayoelekea kuwa gabro. Rudia hivyo mara nyingi na mabaki yanazidi kuwa na silika, na rangi ya miamba inazidi kuwa nyeupe.

Ndivyo ilivyokuwa Kabanga?

Ndiyo, ila kuna jambo la ziada. Kabanga ina miamba ya olivini na piroksini iliyojikusanya chini, pamoja na gabro, yenye umri wa miaka milioni 1,400 hivi. Nikeli hupenda kuingia kwenye olivini, lakini ikitawanyika humo haichimbiki kwa faida. Pale Kabanga magma ilimeza salfa kutoka miamba ya tope iliyoizunguka. Yakatokea matone mazito ya salfaidi yasiyochanganyika na magma, yakanyonya nikeli na kuzama nayo. Alama yake ni olivini yenye nikeli kidogo kuliko inavyotarajiwa: imeshanyang'anywa.

Basi graniti zenye bati za Kyerwa ni mabaki ya magma hiyohiyo?

Hapana, na hapa wengi huteleza. Graniti hizo zina umri wa miaka milioni 1,000 hivi, yaani ni changa kwa karibu miaka milioni 400. Zilitokana na kuyeyuka kwa miamba ya tope na mchanga. Bowen aliamini graniti kwa jumla ni mabaki ya basalti, lakini basalti huacha graniti kidogo mno, haitoshi kueleza graniti zote tunazoziona. Kanuni ya zamu, hata hivyo, ilifanya kazi Kyerwa pia. Bati halikupata nafasi katika madini yaliyotangulia, likabaki kwenye maji moto ya mwisho pamoja na kwatzi, likaganda ndani ya nyufa.

Jiwe likiwa mkononi, nitajuaje nini kilitangulia?

Tumia lenzi. Fuwele iliyomezwa na nyingine kwa kawaida ilitangulia. Iliyo na pande zake kamili iliota ikiwa na nafasi. Kwatzi ya graniti hujaza mianya iliyobaki, haina umbo lake. Ukubwa wa chembe usikudanganye: basalti na gabro zinaweza kuwa na kemia ileile, ila gabro ilipoa polepole. Tahadhari pia kwamba maji ndani ya magma huweza kubadili zamu, kwa mfano kwa kuchelewesha feldispa.

Na mawe ya hapa Izigo?

Ukanda wa ziwa kutoka Bukoba kuelekea Muleba una mawe ya mchanga, hayakuganda kutoka kwenye magma. Lakini chembe zake nyingi ni kwatzi, na zamu inaeleza sababu. Madini yaliyoota kwenye joto kubwa huoza upesi yakikutana na mvua na hewa. Olivini hutangulia kuoza kama ilivyotangulia kuganda. Kwatzi, iliyoganda mwisho, ndiyo huhimili kusafirishwa na mito hadi ikawa mchanga.