Alama ya Jumla na Alama ya Kuandika: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kulipia Kozi ya IELTS

Mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS hudaiwa na vyuo vingi vya nje na pia na mabaraza ya taaluma. Kwa mkazi wa Sumbawanga, kuufanya jijini Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Tunduma na Mbeya, na ada yake huongezwa juu ya nauli, malazi na gharama za kozi ya matayarisho. Mara nyingi fedha hizo zimetokana na mahindi au maharage ya familia nzima. Kwa hiyo ni vema mlaji ajue namna alama zinavyokokotolewa kabla hajaamini ahadi ya mwenye kozi.

Namna alama ya jumla inavyopatikana

Mtihani hupima stadi nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila stadi hupewa daraja lake kati ya 0 na 9, nalo laweza kuwa namba nzima au namba na nusu, kama vile 6 au 6.5. Madaraja manne hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa nne, na wastani unaopatikana hukadiriwa hadi nusu iliyo karibu. Jibu hilo ndilo huonekana kwenye hati ya matokeo likiitwa Overall Band Score.

Wastani ukiangukia katikati kabisa, hupandishwa. Wastani wa 6.25 huwa 6.5, na wastani wa 6.75 huwa 7. Lakini wastani wa 6.125 hushuka kuwa 6, na wa 6.625 hushuka kuwa 6.5. Nusu daraja katika stadi moja tu yaweza kubadili alama ya jumla, au isiibadili hata kidogo.

Kutokana na kanuni hiyo, ipo njia fupi ambayo mtu aweza kuitumia kwa kalamu na karatasi. Chukua alama ya jumla unayoitaka, izidishe kwa nne, kisha utoe moja. Hiyo ndiyo jumla ndogo kabisa ya madaraja manne itakayokufikisha. Anayetaka 6.5 ahitaji jumla ya 25, na anayetaka 7 ahitaji jumla ya 27. Ukitoa madaraja matatu unayotarajia katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, kinachobaki ndicho kiasi unachohitaji katika kuandika.

Mfano wa muuguzi

Tuchukue mfano wa muuguzi wa Sumbawanga anayetaka kusajiliwa Uingereza. Baada ya kozi ya miezi mitatu anafanya mtihani na kupata 7.5 katika kusikiliza, 7 katika kusoma, 7 katika kuzungumza na 6 katika kuandika. Jumla ni 27.5 na wastani ni 6.875, hivyo alama yake ya jumla ni 7. Mwenye kozi alimwahidi daraja la 7, na kwa hesabu ahadi imetimia. Hata hivyo, ombi lake la usajili haliwezi kupokelewa kwa matokeo hayo.

Sababu ni kwamba Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza halitazami alama ya jumla peke yake. Linataka mtihani wa aina ya kitaaluma, alama ya jumla ya 7, na tena angalau 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza. Katika kuandika, kiwango kilikuwa 7 hadi Desemba 2018, kiliposhushwa kuwa 6.5. Muuguzi wetu amevuka mlango wa kwanza na kuzuiwa katika wa pili.

Hesabu yaonyesha jambo hilo waziwazi. Madaraja yake matatu ya kwanza yanafanya 21.5. Ili afike 27, alihitaji 5.5 tu katika kuandika. Lakini kiwango cha stadi yenyewe ni 6.5. Palipo na masharti mawili, linalokufunga ni lile lililo kubwa zaidi, nalo hapa ni 6.5. Daraja kubwa la kusikiliza lilipandisha wastani wake, lakini haliwezi kuziba pengo la kuandika.

Kwa nini kuandika kunahitaji uangalifu

Sehemu ya kuandika huchukua dakika 60 na ina kazi mbili. Katika aina ya kitaaluma, ya kwanza hudai maelezo ya mchoro, jedwali au hatua za jambo, kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya hoja, ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni maradufu ya ule wa kwanza. Mtahiniwa anayetumia nusu saa kupamba jedwali huibakizia insha muda mchache, hali insha ndiyo inayobeba theluthi mbili za alama. Mgawanyo unaoshauriwa ni dakika 20 kwa kazi ya kwanza na 40 kwa ya pili.

Wasahihishaji hutazama mambo manne kwa uzito ulio sawa: kujibu swali lililoulizwa, mpangilio wa hoja, upana wa msamiati, na sarufi. Kozi inayokaririsha insha zilizokwisha kuandikwa yaweza kumpa mwanafunzi maneno mazuri, lakini akiulizwa jambo jingine atapungukiwa katika kujibu swali. Kozi yenye manufaa husahihisha maandishi ya mwanafunzi mwenyewe, moja baada ya jingine, na kumwonyesha ni lipi kati ya mambo hayo manne linalomrudisha nyuma.

Kabla na baada ya kulipa

Kwanza, soma masharti kwenye tovuti ya chuo au baraza unalokusudia, kwa kuwa viwango hubadilika. Andika alama ya jumla inayotakiwa, kiwango cha kila stadi, na aina ya mtihani. Kisha muulize mwenye kozi: ahadi yako ni ya alama ya jumla au ya kuandika? Nitasahihishiwa insha ngapi, na nani? Majibu yaandikwe, na risiti itolewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza madai ya kupotosha katika biashara, na maandishi ndiyo ushahidi wako.

Pili, jiepushe na yeyote anayeuza hati bila mtihani. Chuo kinachopokea matokeo huweza kuyahakiki moja kwa moja kwa waendeshaji, na hati ya kughushi hugunduliwa hapo.

Tatu, ukikosa nusu daraja na una sababu ya kuamini kwamba ulistahili zaidi, waweza kuomba usahihishaji upya ndani ya wiki sita tangu siku ya mtihani. Ada hulipwa, nayo hurejeshwa endapo alama itabadilika. Muuguzi wa mfano wetu, aliyepungukiwa nusu daraja tu katika kuandika, apime kwanza njia hiyo kabla ya kupanda tena basi la Dar es Salaam.