Labania ya maziwa mabichi: ukoko huanzia kwenye kona ya sufuria

Wengi ninaowajua huku pwani hupika labania kwa maziwa ya unga, na siwalaumu, maana inakuwa tayari upesi. Mimi napenda ile ya maziwa ya ng'ombe yaliyokaushwa motoni taratibu. Ina ladha nzito na chengachenga laini ambazo unga hauzileti. Tatizo lake ni moja tu: maziwa hupenda kushika chini, na yakishaungua, harufu ya moshi huenea chungu kizima, wala iliki haiifichi.

Kwa lita 2 za maziwa yasiyoondolewa malai, natumia sukari gramu 200, iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai na samli kidogo. Ukimaliza utapata zaidi kidogo ya nusu kilo. Chemsha kwanza maziwa kidogo pembeni uone kama yatakatika, kwa sababu maziwa yaliyoanza kuchachuka hukatika yakipata moto.

Chombo ndicho nusu ya kazi. Sehemu kubwa ya maziwa ni maji, na maji hayo yanatokea juu, kwa hiyo sufuria pana hukausha haraka kuliko ndefu. Lakini upana peke yake hautoshi. Sufuria nyembamba ya alumini hupata moto mkali pale pale ndimi za jiko zinapogusa, huku sehemu nyingine ikiwa bado ya uvuguvugu. Protini za maziwa zikipata joto huganda na kujibandika pale penye moto mkali, zinafanya utando, na utando huo unaendelea kuiva hadi ukawa mweusi. Tafuta sufuria yenye kitako kizito, tena ambayo kona yake ya ndani ni ya mviringo ili mwiko uifikie. Kama huna, weka chuma cha kupikia chapati juu ya jiko, kisha sufuria juu yake. Moto utachelewa kupanda, ila utasambaa sawasawa. Karai la chuma lisilopakwa kitu mimi silitumii kwa labania, kwa sababu linaweza kuyabadilisha maziwa rangi.

Mwiko uwe wa mti, wenye ncha iliyonyooka, si ya duara. Unachotaka ni kukwangua kitako, siyo kuyazungusha maziwa.

Yakishachemka, punguza moto mpaka yabaki yanatokota kwa utulivu. Kipindi hiki maziwa bado ni mepesi, yanapanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kuyasimamia kila sekunde. Kila baada ya dakika moja au mbili pitisha mwiko kwanza kuzunguka kona yote, kisha katikati kwa mistari iliyokaribiana. Malai yanayoganda ubavuni yarudishe ndani yangali laini. Yakiachwa yakauke, yatakuja kudondoka kama vipande vya ngozi.

Hatari yenyewe huja mwishoni, wakati wengi wameshachoka. Maziwa yakifikia uzito wa uji, hayazunguki tena yenyewe. Yaliyo chini yanabaki chini mpaka uyaondoe. Hapo shusha moto zaidi na usiache mkono. Ukihisi mwiko unakwama mahali fulani, kama unapita juu ya kitu chenye mikwaruzo, ukoko umeanza. Usiukwangue! Mimina yaliyo juu kwenye sufuria nyingine bila kuinua kilichoshika, onja, na kama hakuna ladha ya kuungua endelea na kazi.

Sukari naitia hapa, maziwa yakiwa mazito kama uji wa kulisha mtoto. Ikitiwa mapema hushika chini kwa urahisi na kuleta rangi ya kahawia. Usishangae mchanganyiko ukirudi kuwa mwepesi, kwani sukari inayeyuka. Sasa unasonga badala ya kukoroga: sukuma, kunja, geuza. Tia iliki na kijiko cha samli.

Ikiwa tayari, inaachia ubavu na kukusanyika kuuzunguka mwiko, na ukiipitishia mwiko katikati kitako kinaonekana kwa muda kabla haijajifunga. Chukua kidogo, kipoe, ukiviringe baina ya vidole. Kikifanya kidonge laini kisichonata, epua mara moja, maana sufuria nzito inaendelea kupika hata nje ya jiko. Tandaza kwenye sinia lililopakwa samli, unene wa kidole, na ukate ikiwa bado vuguvugu.

Ikikataa kuganda, irudishe motoni dakika chache. Ikiwa imekauka na kumeguka ovyo, tia vijiko viwili vya maziwa, songa kwa moto mdogo hadi ishikane, kisha itandaze upya.