Kufunga Kibodi kwa Muda: Kinachozuiwa na Kisichozuiwa

Kitambaa kinachopita juu ya kibodi ya kompyuta mpakato inayowaka hakichagui vitufe. Kinagusa safu nzima, na kompyuta hupokea kila mguso kana kwamba umekusudiwa. Enter hutuma barua pepe iliyoandikwa nusu. Delete hufuta faili lililokuwa limechaguliwa. Ctrl na W vikikutana, ukurasa hufungwa pamoja na fomu iliyokuwa ikijazwa. Kwenye Windows, Shift ikigongwa mara 5 mfululizo huita Sticky Keys, huduma iliyowekwa kwa ajili ya wasioweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja; anayeikubali bila kusoma huishia kudhani kibodi yake imeharibika. Kiganja cha mtoto hufanya kazi ileile ya kitambaa, ila kwa nguvu zaidi. Na paka, anayependa joto la mashine, huweza kulala juu ya kitufe kimoja hadi ukurasa ujae herufi. Tatizo la paka si dogo kama linavyosikika: Chris Niswander wa Tucson, Arizona, alibuni programu ya PawSense inayotambua mikanyago ya paka kwenye kibodi, na mwaka 2000 akatunukiwa Ig Nobel, tuzo inayokwenda kwa kazi zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Hoja ya kijitabu hiki ni moja. Kufunga kibodi ni kuzuia mibonyezo isizifikie programu, basi. Hakukati umeme, hakulindi siri, na hakumzuii mtu mwenye nia. Anayelijua hilo atachagua njia inayofaa, na ataamua namna ya kuifungua kabla hajaifunga.

Kwa nini usifunge skrini tu?

Wengi watasema Windows na L vinatosha: skrini inafungwa, na kazi iliyo nyuma yake haiguswi. Kwa siri za mtumiaji ni kweli, na anayeondoka mezani ofisini afanye hivyohivyo. Lakini skrini ikifungwa, kibodi haijafungwa. Mibonyezo yote sasa inaelekea kwenye kisanduku cha nywila. Anayetumia PIN yuko pabaya zaidi, kwa sababu Windows haisubiri Enter. Tarakimu zikitimia, inazihesabu kuwa jaribio. Mtoto akiendelea kugonga, baada ya makosa kadhaa mashine hudai iandikwe A1B2C3 ili kuthibitisha kwamba anayebonyeza anajua anachofanya, na makosa yakizidi hutaka kuwashwa upya, hata kama kuna kazi ambayo haijahifadhiwa. Kwenye akaunti ya ofisi, majaribio mabaya yanaweza kuifunga akaunti yenyewe mpaka fundi wa mifumo aifungue. Zaidi ya hayo, skrini iliyofungwa haionyeshi katuni wala sura ya bibi kwenye simu ya video, na mara nyingi hicho ndicho kilichomkalisha mtoto mbele ya kompyuta.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini mtu asizime kompyuta kabisa? Kwa usafishaji wa majimaji, jibu ni kwamba azime. Programu ya kufunga kibodi huacha umeme ukipita chini ya vitufe kama kawaida, na tone likipenya huko halijali programu gani imefungwa. Zima, chomoa chaja, kisha tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Alkoholi iende kwenye kitambaa, kamwe isinyunyizwe juu ya vitufe, na dawa ya kung'arishia nguo isikaribie. Subiri vitufe vikauke ndipo uwashe. Kasoro moja ya kuzima ni kwamba kompyuta mpakato nyingi za Apple za miaka hii hujiwasha kifuniko kikifunguliwa au kitufe chochote kikiguswa, kwa hiyo mtu anaweza kuanza na mashine iliyozimwa na katikati ya kazi akajikuta anapangusa iliyo hai. Kinachobaki kwa kufuli la programu, basi, ni kazi kavu: kupeperusha vumbi kwa kopo la hewa ya mgandamizo, kutoa makombo kwa brashi laini, kufuta alama za vidole kwa kitambaa kikavu wakati faili kubwa linaendelea kupakiwa. Na ni mtoto na paka.

Kufuli linavyofanya kazi, na linapoishia

Kwenye Windows, programu nyingi za namna hii hutumia mlango ambao mfumo wenyewe umeuacha wazi. Programu huomba ipewe kila mbonyezo kabla haujafika kwenye dirisha lililo mbele, na kwa kila mbonyezo huamua upite au umezwe. Ikiwa imefungwa humeza yote, ila mchanganyiko mmoja uliowekwa kuwa ufunguo. Kwa kuwa inauona mchanganyiko huo kabla ya kuumeza, ufunguo wa vitufe hufanya kazi hata kibodi ikionekana kufa.

Mlango huo una mipaka. Ctrl, Alt na Delete vikibonyezwa pamoja hupita hata kufuli likiwapo. Windows iliutenga mchanganyiko huo makusudi ili programu ya kitapeli isiweze kuiga ukurasa wa kuingilia, na programu ya kawaida haiwezi kuuzuia. Kufuli pia halioni mibonyezo wakati dirisha lililo mbele linaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, kama Task Manager mara nyingi. Baadhi ya vitufe vya mwanga na sauti hushughulikiwa ndani ya mashine yenyewe na havipiti mlangoni hapo. Na kitufe cha kuwashia, ambacho watengenezaji wengi sasa wamekipanga miongoni mwa vitufe vya kuandikia, hakifungwi. Mtoto hukipenda kwa sababu kina taa. Dawa yake iko Control Panel, kwenye Power Options, sehemu ya Choose what the power buttons do, ambapo kitufe hicho kinaweza kupewa Do nothing. Hata hapo, kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa mashine itazimika tu, kwa hiyo kazi ihifadhiwe kabla ya mtoto kuketi.

Mlango huohuo ndio unaotumiwa na programu za kijasusi zinazonakili kila kinachoandikwa. Hili linastahili kutiliwa maanani. Programu inayoweza kumeza kila mbonyezo inaweza pia kuukumbuka, ikiwemo nywila ya benki, na ndiyo maana programu za kukinga virusi wakati mwingine huzipigia kelele hata zile safi. Kuna atakayesema basi tuziache zote. Hapana, lakini zipewe masharti: zipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, ziwashwe zinapohitajika, na zizimwe kabisa kazi ikiisha badala ya kuachwa zikisubiri pembeni mwa saa. Kwenye kompyuta za Apple, KeyboardCleanTool ni ya bure na hufungwa na kufunguliwa kwa kubofya kwa kipanya. Mfumo hudai kwanza programu ipewe ruhusa kwenye mipangilio, na ni vizuri kwamba unadai.

Kufuli likishawekwa, lijaribiwe. Fungua Notepad, gonga herufi kadhaa: zisipotokea, linashika. Kisha lifungue, gonga tena, ndipo umwite mtoto. Kipimo hiki hakisemi chochote kuhusu bamba la kugusa wala skrini ya mguso, ambavyo kwa kawaida hubaki hai.

Mfano: kufuli linalojifungua lenyewe

Ufunguo wa vitufe una udhaifu wa wazi: mtoto anaweza kuubonyeza kwa bahati, na mzazi anaweza kuusahau. Kilicho bora ni kufuli lenye muda. Linux Mint hutoa mfano mzuri, kwa kuwa kifaa cha kazi hiyo, xinput, ni cha mfumo wenyewe na hakuna mgeni wa kuaminiwa. Kinatumika kwenye kikao cha X11, ambacho toleo la Cinnamon hukitumia kwa kawaida. Kwenye Wayland hakifai. Kwanza andika `xinput list` kwenye Terminal ili kuona majina ya vifaa. Kibodi ya ndani ya kompyuta mpakato nyingi huitwa AT Translated Set 2 keyboard. Kitufe cha kuwashia hutokea peke yake kama Power Button, na hiyo ndiyo sababu hakitafungwa pamoja na vingine. Kisha:

```
K="AT Translated Set 2 keyboard"
sleep 2; xinput disable "$K"; sleep 120; xinput enable "$K"
```

Amri hii hufunga kibodi kwa sekunde 120, muda unaotosha kupiga brashi bila haraka. Kwa katuni ya nusu saa, weka 1800. Zile sekunde 2 za mwanzo zinaonekana kama pambo, lakini ndizo zinazoleta utulivu. Bila hizo kibodi hufungwa wakati kidole bado kiko kwenye Enter, mfumo haupati habari kwamba kidole kimeinuka, na Enter huanza kujirudia yenyewe kwenye skrini.

Kosa linalotokea zaidi ni kufunga dirisha la Terminal kwa kipanya kabla muda haujaisha. Hapo amri inakufa katikati, na sehemu ya kufungua haifiki kamwe. Dalili yake ni kibodi iliyonyamaza muda ukiwa umeshapita. Hakuna kilichoharibika. Chomeka kibodi nyingine ya USB, ambayo haikutajwa kwenye amri na hivyo itaandika, au toka kwenye kikao kwa kipanya na uingie upya, kwa kuwa zuio la xinput halidumu baada ya kikao.

Kudumu au kutodumu ndicho kipimo cha njia nyingine yoyote itakayopendekezwa. Programu ya Windows inayomeza mibonyezo huachia ikizimwa, na kuwasha kompyuta upya huiondoa kabisa isipokuwa imewekwa ijiwashe pamoja na mfumo. Kulemaza kibodi kupitia Device Manager, ushauri unaosambazwa sana, ni jambo jingine: pale unapokubalika, hubaki hata baada ya kuwashwa upya, na mwenye kompyuta hukutana na kisanduku cha nywila bila kibodi. Aliyenaswa hapo abofye alama ya huduma za ufikivu kwenye kona ya ukurasa wa kuingilia, achague On-Screen Keyboard, aandike nywila kwa kipanya, kisha arudi Device Manager kuirudisha.

Kompyuta ya mezani haihitaji lolote kati ya haya. Kibodi ya USB inachomolewa mashine ikiwa inawaka, inapinduliwa, inagongwa kidogo kutoa makombo na kupanguswa, kisha inachomekwa tena. Isiyo na waya huzimwa kwa swichi yake. Mashine za zamani zenye tundu la duara la rangi ya zambarau ndizo za kuzimwa kwanza, kwa sababu tundu hilo halikuundwa kuchomolewa na kuchomekwa umeme ukiwa unapita.