SOMO LA VIKUNDI: KUTOA MOSHI KWENYE KOTI BILA KULIFUA

Katika vikundi vya Mukuru kwa Reuben swali hili limeulizwa mara nyingi. Nyumba yetu ni chumba kimoja cha mabati, futi kumi kwa kumi, na humo ndimo tunamopika, tunamolala na kutundika nguo. Koti la kazi ni moja tu. Maji ni ya kununua kwa mtungi, na koti zito likifuliwa jioni, asubuhi bado ni bichi. Tena makoti mengi ya mitumba yana sufu au pamba za mabegani, na yakitumbukizwa majini hujikunja yasirudi. Lakini mtu akienda kutafuta kibarua Indastrial Eria, au akienda kulea mtoto wa tajiri wake, koti linatangulia kunuka kabla hajasalimia. Tufanyeje?

Moshi ni nini hasa?

Harufu haikai kwenye nguo kama hewa. Moshi ni chembe ndogo sana za masizi na mvuke wa mafuta mafuta kama lami, vinavyonata kwenye nyuzi. Koti likipata joto la mwili au unyevu, mvuke ule unatoka tena. Ndiyo maana koti huonekana halina neno nyumbani, kisha linaanza kunuka ndani ya matatu. Ndiyo maana pia marashi hayasaidii: yanakauka yakiisha, na lami inabaki pale pale.

Jambo la pili ni kwamba moshi si wa aina moja. Moshi wa kuni na makaa una asidi ndani yake, na dawa yake ni beking soda, ule unga mweupe wa dukani (si beking pauda). Moshi wa sigara unaacha nikotini, ambayo si asidi bali ni kinyume chake, na dawa yake ni siki nyeupe. Usivichanganye viwili hivi kwa pamoja. Vikikutana vinatoa povu na kuuana nguvu, na unabaki na maji ya chumvi tu. Harufu ya mafuta ya taa haisikii soda wala siki. Hiyo huondoka kwa upepo.

Mfano: koti la soja

Tuchukue mfano wa soja wa usiku katika godauni moja. Koti lake ni la sufu nzito, lina bitana ndani. Usiku anaota moto wa makaa pamoja na wenzake wanaovuta sigara. Anarudi asubuhi, analitundika kwenye msumari, na mama watoto anapika chai chini yake. Koti hili lina moshi wa aina mbili. Tufuate hatua hizi.

Kwanza, toa kila kitu mifukoni na uigeuze mifuko nje. Vumbi la tumbaku hujificha kwenye pembe za mfuko na kunuka kwa miezi. Toka nje, likung'ute, kisha lipige brashi kavu kuelekea chini. Masizi yakilowa kabla ya kupigwa brashi yanageuka doa.

Pili, ligeuze ndani nje, ulitundike kwa henga mahali penye upepo na kivuli. Chagua saa. Kwenye ploti zetu majiko huwaka alfajiri na jioni, kwa hiyo anika kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, mbali na wanaokaanga mandazi. Jua kali hupausha sufu nyeusi, kwa hiyo usiliache juani kutwa.

Tatu, panguza. Tunaanza na sigara. Changanya siki sehemu moja na maji sehemu tatu. Nusu kikombe cha mchanganyiko kinatosha. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, uone kama rangi inatoka. Chovya kitambaa cheupe, kikamue hadi kisidondoke tone, upanguze kola, makwapa, ncha za mikono na bitana yote. Kitambaa kitageuka rangi ya chai. Hiyo ndiyo sigara inayotoka. Suuza kitambaa, rudia hadi kibaki cheupe. Malizia kwa kitambaa cha maji matupu, halafu koti likauke kabisa. Harufu ya siki yenyewe huondoka likikauka.

Nne, siku inayofuata, tandaza koti kavu na unyunyize beking soda kwenye bitana na kola, kama vijiko vitano vya mezani. Likunje, ulifunge kwenye shuka safi, ulale. Asubuhi kung'uta na upige brashi. Koti likiwa na unyevu, unga utaganda na kuacha mabaka meupe.

Kwa koti lenye moshi wa jiko pekee, acha siki. Panguza kwa kijiko kimoja cha chai cha soda katika kikombe cha maji, kisha maji matupu. Kazi yote haimalizi lita moja ya maji. Koti la ngozi usilitie soda wala siki, maana hukauka na kupasuka. Hilo ni la upepo na kitambaa chenye unyevu kidogo tu.

Utajuaje limetoka?

Usiiamini pua yako, imezoea. Pumulia kola pumzi ya moto mara tatu, kisha mpe jirani asiyevuta sigara anuse papo hapo. Kama bado linanuka baada ya kurudia mara mbili, kosa liko kwenye pamba za mabegani. Fumua mshono wa bitana, zitoe, uzifue peke yake, kisha uzirudishe kwa sindano. Likishindikana hapo, lami imeingia ndani mno, na litahitaji dobi wa kusafisha nguo kavu.

Kuna mambo mawili ya hatari. Usipanguze koti kwa petroli au mafuta ya taa, hata kama fundi anakuambia yanatoa doa, kwa sababu cheche moja inatosha. Na usilikaushe juu ya jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Litanyonya moshi upya, na hewa ya makaa isiyo na harufu inaua watu wakiwa usingizini.

Lisirudi tena

Moshi hupanda juu na kukaa chini ya mabati. Msumari ulio juu karibu na paa ndipo mahali pabaya kuliko pote. Koti likisha kauka, liweke chini ndani ya sanduku la bati au ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Weka humo vipande vya makaa ambayo hayajawashwa, vimefungwa kwenye kitambaa. Vinanyonya harufu iliyobaki, ila si harufu kali. Wakati wa kupika vaa leso na kitambaa cha kichwa.

Na wenye watoto wachanga, vueni koti la sigara kabla ya kumpakata mtoto. Anaponyonya na kushika kola, kile kilichogeuza kitambaa rangi ya chai kinaingia kinywani mwake.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nyumbani kwako msumari wa koti uko wapi, na jiko liko wapi?
2. Kwenye ploti yenu ni saa ngapi hakuna jiko linalowaka karibu na kamba ya nguo?
3. Je, kikundi kinaweza kununua siki, soda na brashi moja kwa pamoja, na nani atavitunza?