Ndugu wawili, ubongo uliosinyaa sawa

SWALI

Daktari, nakuandikia kutoka Magomeni, Bagamoyo. Baba yangu ana miaka 77, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Baba mdogo ana miaka 74. Yeye hakwenda shule; alisoma madrasa kidogo, kisha akaingia baharini na wavuvi mpaka nguvu zilipopungua. Mwaka huu tuliwapeleka wote wawili Dar es Salaam, kila mmoja kwa sababu yake, wakapigwa CT skani ya kichwa. Tukaambiwa ubongo umesinyaa kwa kiasi kinachokaribiana, hasa kwenye sehemu za kumbukumbu. Ajabu ni kwamba baba bado anashika hesabu za msikiti na hatuoni tatizo lolote, wakati baba mdogo ameshapotea njia akirudi kutoka Kaole, njia aliyoizoea tangu utotoni, na anauliza swali lilelile kila baada ya muda mfupi. Je, mashine ilikosea? Na wapo ndugu wanaosema baba mdogo akili imelala kwa sababu hakusoma. Naomba ufafanuzi.

JIBU

Mashine haikukosea, na hao ndugu wanamwonea mzee wao. Picha ya CT inaonesha umbo: ubongo umepungua wapi, kuna damu iliyovuja au la, kuna kovu la kiharusi au la. Haiwezi kuonesha mtu anautumiaje ubongo uliobaki, na hapo ndipo baba na baba mdogo wameachana.

Jambo hili liliwashangaza madaktari kabla yako. Mwaka 1988 daktari Robert Katzman na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa watu 137 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, baada ya watu hao kufariki. Kumi kati yao walikutwa na mabaka ya ugonjwa wa Alzeima kwenye ubongo, ilhali walipokuwa hai vipimo vya akili viliwaweka kwenye kundi la juu kabisa la wazee wa nyumba ile. Ubongo wao ulikuwa mzito kuliko wa wenzao, na seli kubwa za neva zilikuwa nyingi zaidi. Ugonjwa ulikuwemo, dalili hazikuwepo.

Miaka minne baadaye Yaakov Stern wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliligeuza swali. Badala ya kuuliza kwa nini watu wenye uharibifu sawa wanatofautiana, aliwachukua wagonjwa ambao dalili zao zilikuwa za kiwango kimoja, akapima damu inavyozunguka kwenye ubongo wao. Waliosoma zaidi ndio waliokuwa na damu haba zaidi kwenye sehemu ambazo Alzeima hushambulia. Maana yake ni hii: kwa nje walifanana na wenzao, lakini ndani ugonjwa wao ulikuwa umeshakwenda mbali zaidi. Kile kilichoufunika muda wote huo watafiti hukiita akiba ya utambuzi.

Akiba hiyo ina pande mbili. Upande mmoja ni mali yenyewe: seli na viungio vya seli vikiwa vingi, vinaweza kufa kadhaa kazi isisimame. Upande wa pili ni ustadi wa kuzunguka. Dereva anayetoka Dar kuja kwenu, akikuta foleni imefunga Tegeta, kama anazijua njia za ndani atafika Bagamoyo, pengine kwa kuchelewa kidogo. Asiyezijua atabaki pale pale. Ubongo uliozoea kulifanya jambo moja kwa namna nyingi hupata njia ya pembeni pale njia kuu inapoharibika. Kusoma, kuandika, kufundisha, kupiga hesabu bila kalamu na kuamua mambo mazito kila siku huzifungua njia hizo.

Elimu inasaidia kwa kiasi gani? Katika jiji hilo hilo la New York, eneo la Bronx, wazee walifuatiliwa kwa miaka mingi, na 117 kati yao wakaja kupata ugonjwa wa kupoteza akili. Mwaka 2007 watafiti walionesha kwamba kila mwaka mmoja wa masomo ulisogeza mbele mwanzo wa kumbukumbu kuporomoka kwa takriban miezi miwili na nusu. Tuseme baba yako alisoma miaka saba ya msingi na miwili ya chuo cha ualimu. Kwa wastani huo angepata karibu miaka miwili ya ziada kabla ya mteremko. Huo ni wastani wa kundi la watu wa mbali, si hesabu ya baba yako, lakini unakupa kipimo: faida ipo, nayo ni ya miaka michache, haifiki miongo.

Utafiti huo huo una sehemu ya pili ambayo familia nyingi hazielezwi. Kwa waliosoma zaidi, mteremko ulipoanza ulikuwa mkali zaidi. Ndivyo inavyotarajiwa, kwa sababu akiba haiuzuii ugonjwa bali huzificha dalili zake. Siku akiba inapokwisha, uharibifu uliorundikana hujitokeza kwa kasi, na ndugu husema mzee ameanguka ghafla, wakadhani ni kijicho au jini. Kwa hiyo, baba yako kuwa mzima leo ni neema, lakini picha ile isifungiwe kabatini kwa kuwa tu hana dalili.

Hukunitajia lugha, ila nawaza kwamba wazee wako, kama wengi wa umri wao kuanzia Bunju hadi Saadani, wana Kikwere, Kizaramo, Kidoe au Kizigua cha nyumbani pamoja na Kiswahili, na mwalimu ameongeza Kiingereza. Lugha nazo zimechunguzwa. Mjini Toronto, Kanada, mwaka 2012, wagonjwa wa Alzeima wenye lugha mbili walilinganishwa kwa CT skani, kipimo kilekile mlichofanyiwa, na wagonjwa wa lugha moja waliokuwa na elimu na dalili za kiwango sawa. Ubongo wa wenye lugha mbili ulikuwa umesinyaa zaidi kwenye maeneo ya kumbukumbu. Mwaka uliofuata, watafiti wa Hyderabad, India, walipitia taarifa za wagonjwa 648 wakaona kwamba waliozungumza zaidi ya lugha moja walianza kuonesha dalili miaka minne na nusu baadaye. Mimi huutaja sana utafiti huu kwa sababu tofauti hiyo ilionekana hata kwa watu wasiojua kusoma kabisa.

Hata hivyo ushahidi wa lugha nauona dhaifu kuliko wa elimu. Tafiti hizo mbili zilianza na watu ambao tayari ni wagonjwa. Wazee zaidi ya elfu moja wanaozungumza Kihispania walipofuatiliwa New York kabla hawajaugua, wenye lugha mbili walianza na alama nzuri zaidi, lakini hawakuporomoka polepole kuliko wenzao. Kwa ndugu hawa wawili lugha haielezi mengi, maana kwenu karibu kila mzee ana lugha mbili.

Sasa baba mdogo. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 pwani yetu kukosa shule halikuwa jambo la akili yake. Shule zilikuwa chache, mtihani wa darasa la nne uliwachuja hata walioingia, na nyumba nyingi zilimpeleka mtoto mmoja shuleni na mwingine shambani au baharini. Mtu aliyesoma nyota, upepo na maji kupwa na maji kujaa kwa miaka hamsini ana akiba yake. Inawezekana pia kwamba kwake yeye picha haijasema yote. Shinikizo la damu ni la kawaida mno kwa wazee wa nchi hii na wengi hawalijui. Huweza kuharibu mishipa midogo ya ubongo bila kiharusi cha kuonekana. Masikio yakiziba mtu huacha kufuata mazungumzo. Huzuni ya kuacha kazi, upungufu wa vitamini B12 na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa vyote huiga ugonjwa wa kusahau, na vinatibika. Mpelekeni hospitali ya wilaya apimwe hayo kabla hamjakubali kwamba ni Alzeima.

Mtakapokwenda, angalieni anapimwa akili kwa namna gani. Kipimo cha kumtaka mzee achore saa au aandike sentensi kinapima shule, hakipimi ugonjwa. Kwa bahati tunacho chetu. Kilitengenezwa wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, ambako wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa na zaidi kidogo ya sita katika kila mia wakakutwa na ugonjwa wa kupoteza akili. Kipimo hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama IDEA, hakihitaji kalamu. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno kumi aliyosomewa muda mfupi uliopita, na huiga umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti. Alama za juu ni 15, na anayepata 7 au pungufu huchunguzwa kwa kina.

Lakini kipimo hicho kinaweza kumpitisha baba yako bila wasiwasi, kwa kuwa mwalimu aliyezoea maswali huyajibu hata akiwa ameanza kupungukiwa. Yeye asilinganishwe na baba mdogo wala na majirani. Mlinganisheni na yeye mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita. Hesabu za msikiti alizokuwa akizifunga kwa saa moja sasa zinamchukua siku nzima? Anaandika michango ya mtu mmoja mara mbili? Ameacha kusimulia gazeti na sasa analishika tu? Mama yenu ameanza kumjibia anapoulizwa? Yoyote kati ya hayo yakitokea, rudini kwa daktari na picha ile ile.

Na lipo la kufanya mapema. Kwenye hesabu za msikiti awekwe mtu wa pili, kwa heshima, akijifunza kutoka kwake. Kama ana shamba Zinga, Kerege au Mapinga, ambako wanunuzi wa viwanja hawaishi kubisha hodi, kaeni kikao cha ukoo sasa hivi, yeye mwenyewe akiwa msemaji, aeleze anataka ardhi yake iwe ya nani na nani atatia sahihi pamoja naye, na muandikishe makubaliano hayo mbele ya wakili. Baba mdogo naye awepo kwenye kikao, aulizwe, na apewe muda wa kujibu.